UZI: Dashibodi ya wiki kwa meneja wa duka, namba zipi zinatosha?

DukaMsamvu
Habari zenu wakuu. Nina duka la vyakula na vitu vya nyumbani hapa Morogoro, rejareja kwa sehemu kubwa. Mimi kazi yangu iko Dodoma, kwa hiyo duka analiendesha meneja, dada mmoja makini sana ambaye nipo naye mwaka wa tatu sasa.

Mwezi wa kwanza nilimtengenezea karatasi ya Google Sheets ya kusoma kila Jumatatu. Niliweka namba 19 na chati sita. Wiki tatu za mwanzo aliifungua, baadaye akaacha. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole: "Kaka, ile karatasi nikishaisoma nifanye nini?" Sikuwa na jibu, na swali lake limenikaa kichwani mpaka leo.

Nataka kuianza upya, ukurasa mmoja, asome kwa dakika kumi kabla duka halijachangamka. Waliowahi kufanya hili naomba mnisaidie: niweke namba zipi, na nizilinganishe na nini?

KkooJumla
Mkuu unajichosha. Duka ni mauzo. Weka lengo la siku, mwisho wa wiki jumlisha, akifikisha kijani, asipofikisha nyekundu. Faida itakuja yenyewe, kwa sababu si unajua unaongeza asilimia ngapi kwenye kila bidhaa? Mimi naongeza 20, kwa hiyo kwenye kila milioni ninayouza najua laki mbili ni yangu. Niko Kariakoo mwaka wa tisa na sijawahi kuhitaji chati.

StooHesabu
DukaMsamvu, kabla hatujakupangia namba, tupe za kwako. Weka hapa mauzo na faida ghafi ya wiki tano zilizopita, na utuambie ile karatasi yako ilisema nini wiki ya mwisho. Nimefanya hesabu za supamaketi miaka 11. Nimeona wengi wanaiga orodha ya viashiria kutoka duka la mtu mwingine, halafu wanashangaa haviwaambii kitu.

KkooJumla, kwa heshima, hesabu yako ya laki mbili ina kasoro. Kitu ulichonunua 10,000 ukaongeza asilimia 20 unakiuza 12,000. Faida yako ni 2,000 ndani ya 12,000, yaani asilimia 16.7 ya mauzo. Kwenye milioni moja uliyouza faida ni kama 167,000. Hizo 33,000 unazihesabu kila milioni lakini huwa hazipo. Kwa duka la jumla linalouza milioni nyingi kwa wiki, hilo ni pengo kubwa.

KkooJumla
Hapo nimekuelewa mkuu, nitapiga upya hesabu zangu. Ila kuhusu mauzo sijabadilisha msimamo.

DukaMsamvu
StooHesabu, shukrani. Hizi hapa, kuanzia wiki ya zamani kabisa:

```
Wiki   Mauzo        Faida ghafi
1      8,400,000    1,260,000
2      7,900,000    1,193,000
3      8,100,000    1,207,000
4      9,600,000    1,440,000
5      8,700,000    1,044,000
```

Wiki ya nne ndiyo ya mishahara. Karatasi yangu ilikuwa inalinganisha wiki hii na wiki iliyopita, kwa hiyo wiki ya tano mauzo yaliwaka nyekundu, chini kwa asilimia 9.4. Nilipomwambia, meneja alishtuka, akaniuliza kama tushushe bei ya sabuni ili kuvuta wateja. Gharama ya kununulia tunaiandika kwa kila bidhaa mzigo unapoingia, kwa hiyo faida hiyo inatoka kwenye bei za kununulia za sasa.

StooHesabu
Vizuri sana kwamba mnaandika bei mpya kila mzigo unapoingia. Maduka mengi yanaacha bei ya zamani kwenye mfumo, basi faida inasomeka ileile miezi sita huku mtu anauza kwa hasara.

Sasa tazama. Wiki inayofuata mishahara lazima iwe chini ya wiki ya mishahara. Ukilinganisha hivyo, kila mwezi utapata nyekundu moja ya uongo, na meneja akiona nyekundu ya uongo mara tatu haiamini tena hata ile ya kweli. Linganisha na wastani wa wiki nne zilizotangulia, maana ndani ya wiki nne utapata karibu kila kipande cha mwezi. Kwako wiki nne zinajumlika 34,000,000, wastani 8,500,000. Kwa hiyo wiki ya tano mauzo hayakushuka, yalipanda kwa 200,000.

Faida ndiyo iliyoanguka. Wastani wake ni 1,275,000 na wiki hii umepata 1,044,000, pungufu ya 231,000. Kwa asilimia ni kutoka 15 hadi 12. Meneja angeshusha bei ya sabuni angeongeza jeraha palepale panapouma.

Nijibu maswali mawili. Kuna bidhaa inayotembea sana iliyopanda bei ya kununulia bila ninyi kupandisha ya kuuzia? Na kuna mtu mmoja aliyechukua mzigo mkubwa wiki hiyo?

HardwareMbeya
Wakuu, na mimi natafuta programu nzuri ya duka, ipi haina malipo ya kila mwezi? Nina duka la vifaa vya ujenzi. Shida yangu mabati ya rangi yamelala stoo tangu mwaka jana na hela yote imo humo.

StooHesabu
HardwareMbeya, hapa hatujadili programu, lakini tatizo lako ni la kweli. Duka la ujenzi na duka la vyakula hayasomi namba zilezile. Wewe namba yako ya kwanza ni siku za mzigo: chukua kilichopo stoo, gawanya kwa unachouza kwa siku. Simenti itakuonyesha siku chache, mabati ya rangi yatakuonyesha miezi. Yapange kuanzia siku nyingi kwenda chache, na vile vitano vya juu ndivyo vya kushusha bei au kuacha kuagiza. Kwa karatasi na kalamu inawezekana leo hii.

DukaMsamvu
Nimeongea na meneja jana usiku. Yote mawili yapo.

Mafuta ya kula: dumu la lita 20 tulikuwa tunachukua 88,000, wiki ile tukauziwa 96,000. Kwa lita tuliendelea kuuza 5,000, yaani 100,000 kwa dumu. Tuliuza madumu 12.

Na kuna shule ilichukua mchele, unga na sukari kwa bei ya jumla, 1,500,000, sisi tukabaki na 75,000. Wiki nne za nyuma hatukuwa na oda kama hiyo.

StooHesabu
Basi picha imekaa sawa, na ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Mafuta: mlipoteza 8,000 kila dumu, mara 12, ni 96,000. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, kubandika bei mpya au kuamua kwa makusudi kwamba mafuta yatabaki chambo cha kuvuta wateja.

Oda ya shule si kosa, iliwaletea 75,000. Lakini imewafunika macho. Itoe kwenye mauzo ya wiki ya tano: rejareja inabaki 7,200,000, na faida yake 969,000. Rejareja yenu imeshuka kwa 1,300,000 chini ya wastani, na ni chini kuliko wiki yoyote kati ya zile nne! Kwa faida ya asilimia 15 mliyoizoea, hapo pameondoka 195,000.

Jumlisha sasa. Anza na 1,275,000. Toa 195,000 za rejareja iliyoshuka, toa 96,000 za mafuta, ongeza 75,000 za shule. Unapata 1,059,000. Halisi ni 1,044,000. Zinabaki 15,000 zisizo na maelezo, na kwa duka la ukubwa huo mimi nisingezikimbiza.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa dashibodi yako uwe mauzo ya rejareja peke yake, na jumla ikae chini yake. Ukizichanganya, oda moja inaficha wateja mia walioondoka mikono mitupu.

MamaMwambao
Naomba niingie hapo kwa wateja walioondoka mikono mitupu. Nina duka Tanga, aina hiyohiyo ya kwako kaka DukaMsamvu. Swali langu: shule ililipa taslimu?

DukaMsamvu
Hapana dada. Wamesema mwisho wa mwezi.

MamaMwambao
Nilihisi. Hela ya kununulia mzigo wa wiki iliingia kwenye mchele wa shule, na bado haijarudi. Muulize meneja wako rafu zilikuwaje kuanzia katikati ya wiki. Mimi ilinipata hivyohivyo, nikalaumu wateja kumbe sabuni ya unga na pampasi zilikuwa zimeisha siku nne.

Tangu hapo nina namba moja ambayo siiachi. Nimeandika bidhaa 25 ambazo mteja akizikosa anahamia duka la jirani na kununua na vingine hukohuko. Kila Ijumaa saa tisa alasiri, kabla watu hawajatoka kazini, msichana wangu anapita rafuni na karatasi, anatia alama kilichopo. Si kilichopo stoo, kilichopo rafuni. Nikipata 24 au 25 nipo sawa. Nikipata 21 najua wiki itaniuma, na ninajua siku mbili kabla mauzo hayajaniambia. Vitabu vya mauzo vinaonyesha ulichouza, havina pa kuandika ulichoombwa ukakosa.

DukaMsamvu
Nimemuuliza. Kwa kumbukumbu yake sabuni ya unga, pampasi, soda za chupa kubwa na viberiti viliisha kuanzia Jumatano, na wakala wa soda alipita akakosa kulipwa hivyo akaondoka na kreti zake. Hatukuandika popote, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya 1,300,000 zote.

StooHesabu
Usiape. Jirani yako pia anaweza kuwa amefungua duka jipya, au mvua zilizuia watu. Lakini sasa unajua kwa nini namba ya MamaMwambao inastahili kukaa kwenye ukurasa. Ingekuwepo wiki ile, meneja angeiona Ijumaa na angekupigia kuomba hela ya soda.

Na madeni yakae hapo pia, mstari mmoja: jumla ya tunachodai, na ndani yake kiasi kilichopita siku 30. Kipande hicho cha pili ndicho cha kusoma. Deni jipya ni biashara, deni la siku 45 ni simu ya kupiga leo.

KkooJumla
Kwenye madeni nawaunga mkono. Mimi nilishakula hasara kwa kukopesha mteja wa jumla aliyekuwa ananipandishia mauzo kila wiki. Mauzo kijani, droo tupu.

Swali langu: na wizi je? Hamjaugusa.

StooHesabu
Wizi hauonekani kwenye faida yake ya kila wiki, mkuu. Faida anayoipata ni bei ya kuuzia kutoa gharama ya vilivyouzwa. Kilichoibwa hakikuuzwa, kwa hiyo hakimo popote. Kitaonekana kwenye kuhesabu tu.

Kuhesabu duka zima kila wiki hakuwezekani, watu watabuni namba. Hesabuni bidhaa kumi. Tano ziwe zilezile kila wiki, zile za hela nyingi kama mafuta, maziwa ya unga, sukari. Tano nyingine zibadilike ili ndani ya miezi michache mpitie duka karibu lote. Tofauti kati ya daftari na mkono iandikwe kwa shilingi za bei ya kununulia, pamoja na shoti ya droo ya wiki, ukichukulia taslimu pamoja na miamala ya lipa namba.

Tofauti ikitokea, msianze na mtu. Anzeni na karatasi. Mara nyingi nilikuta mzigo umeingia bila kuandikwa, au saizi mbili za bidhaa moja zimeandikwa kwa jina moja, hivyo moja inazidi na nyingine inapungua kwa idadi ileile. Vya kupima navyo hupungua, kwangu mfuko wa sukari wa kilo 50 ukipimwa kilo moja moja ulikuwa unapoteza kama nusu kilo. Dalili ya wizi ni tofauti inayorudi wiki baada ya wiki kwenye bidhaa ileile, ndogo, ya bei kubwa, na haina nyingine inayozidi ya kuifidia.

MamaMwambao
Na anayehesabu asiwe yule anayeandika daftari. Kwangu mimi anahesabu mtu wa kaunta, meneja anasimama pembeni.

StooHesabu
Sawa kabisa, kama watu wanatosha.

FundiLaini
Mimi nitasaidia upande wa Sheets. DukaMsamvu, tengeneza ukurasa uitwao Mauzo, safu nne: A tarehe, B aina, C mauzo, D gharama ya kununulia. Kila siku mistari miwili, rejareja na jumla. Kwenye ukurasa wa dashibodi, seli B1 iwe Jumatatu ya wiki iliyoisha:

```
=TODAY()-WEEKDAY(TODAY(),2)-6
```

Kisha mauzo ya rejareja ya wiki hiyo:

```
=SUMIFS(Mauzo!C:C, Mauzo!B:B, "rejareja", Mauzo!A:A, ">="&B1, Mauzo!A:A, "<"&B1+7)
```

Gharama ni fomula hiyohiyo, badilisha C:C ya mwanzo iwe D:D, na faida ni tofauti yake. Nimekwepa WEEKNUM kwa sababu mwaka ukigeuka inaanza 1 upya na wiki ya mwisho wa Desemba inakatika vipande viwili.

Kitu kitakachokusumbua zaidi ni tarehe. Faili likiwa na mpangilio wa Marekani, 05/12 inasomeka kama Mei 12 wakati wewe uliandika Desemba 5, na 25/12 haisomeki kabisa, inabaki maneno matupu. Utaitambua kwa macho: tarehe ya kweli inakaa kulia mwa seli, iliyogeuka maneno inakaa kushoto, na SUMIFS inairuka kimyakimya bila kosa lolote kutokea. Ingia File > Settings, kwenye Locale chagua United Kingdom, inayosoma siku kabla ya mwezi, kabla hujaingiza hata mstari mmoja.

Kama duka limesajiliwa VAT, amua mapema: mauzo na gharama vyote bila VAT. Nilikuta mtu anaandika mauzo ya 11,800 kutoka ripoti ya Z ya mashine ya EFD, na gharama ya 10,000 iliyotolewa VAT. Akaona faida ya 1,800, kumbe yote ni kodi.

DukaMsamvu
Asante sana ndugu yangu. Nilikuwa na tarehe za kushoto nyingi tu, sasa najua kwa nini wiki moja ya Aprili ilikuwa ndogo ajabu.

Nimekaa na meneja kwenye simu karibu saa nzima tukapanga pamoja. Tumejaza wiki ya tano kama mfano, na pasipo na rekodi tumeweka alama ya kistari:

```
                      Wiki hii    Wastani wiki 4
Mauzo rejareja        7,200,000   8,500,000
Mauzo jumla           1,500,000   0
Faida ghafi           1,044,000   1,275,000
Rafu Ijumaa (kati 25) -           -
Tofauti stoo + shoti  -           -
Madeni / zaidi ya 30  -           -
```

Chati zote nimefuta. Pembeni mwa kila mstari yeye mwenyewe ameandika atafanya nini. Kwenye faida ameandika "angalia bei za mzigo mpya, kisha niambie". Kwenye rafu: "chini ya 23, piga simu Ijumaa hiyohiyo". Hilo la kuandika kitendo alilitaka yeye.

Rangi nimeziacha kwanza. Mnasemaje kuhusu mpaka wa nyekundu?

StooHesabu
Subiri wiki nane. Wiki zako nne za kawaida zilitembea kati ya 7,900,000 na 9,600,000, huo ndio upumuaji wa duka lako. Ukiweka nyekundu kwa kila kushuka kwa asilimia 5, hata wiki ya pili ya jedwali lako ingewaka, na haikuwa na shida yoyote. Ukishakuwa na wiki nane, nyekundu iwe chini ya ile ya chini kabisa uliyowahi kuipata duka likiwa salama. Faida kwa asilimia haitikisiki hivyo, ilikuwa 14.9 hadi 15.1. Hiyo unaweza kuiwekea mpaka wa 14 hata kesho, ila ihesabu kwa rejareja tu.

KkooJumla
Sasa mwongezee posho akifikisha. Namba bila hela mtu haisomi.

MamaMwambao
Mimi natoa posho kwa namba ya rafu, na imenisaidia.

StooHesabu
Hapo tutatofautiana. Niliona meneja aliyelipwa kwa mauzo akikopesha hovyo wiki ya mwisho ya mwezi. Ukilipa kwa rafu, na anayepita na karatasi yuko chini ya meneja, siku moja 22 itakuwa 25. Mimi ningemlipa kwa faida ya robo mwaka baada ya kuhesabu duka zima, na ukurasa wa wiki ningeuacha bila hela kabisa.

MamaMwambao
Robo mwaka ni mbali mno kwa mtu wa mshahara mdogo. Mimi Ijumaa napita mwenyewe mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa, na karatasi yake na yangu zinafanana.

DukaMsamvu
Mimi siwezi kupita, niko Dodoma. Nimemwomba apige picha ya rafu ile Ijumaa saa tisa na kunitumia pamoja na karatasi. Posho bado sijaamua. Ijumaa hii ndiyo ya kwanza, nitarudi na namba.

DukaMsamvu
Narudi kama nilivyosema. Rafu 20 kati ya 25. Alinipigia saa tisa na dakika ishirini, nikamtumia hela ya soda na pampasi, Jumamosi asubuhi vilikuwa ndani. Shule haijalipa bado. Mafuta tumepandisha hadi 5,300 kwa lita, na wateja wawili wamelalamika.